Mguu wa Jioni

Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba akivua viatu jioni, mguu wake hubaki na alama. Mkanda wa sandali umeacha mfereji juu ya kifundo, ukingo wa kiatu cha kufunika umechora mstari mwekundu nyuma ya vidole, na soksi, kama alivaa soksi, zimefinya duara zima la muundi. Akibonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi na kukishikilia hapo sekunde chache, kishimo hubaki kidole kikishaondoka, kisha hujaa taratibu. Asubuhi ya siku ileile mguu huo uliingia kiatuni bila ubishi. Hakuna aliyeuona ukibadilika, kwa sababu macho ya watu wote, pamoja na ya mwenyewe, yalikuwa juu ya tumbo. Tumbo ndilo linalopongezwa, ndilo linaloshonewa nguo, ndilo linaloulizwa lina miezi mingapi. Mguu hauulizwi kitu. Nami nadai kwamba hapo ndipo mpangilio wetu unapokosewa: mavazi ya ujauzito yanapaswa kuchaguliwa kuanzia chini kwenda juu, na yachaguliwe jioni, si asubuhi. Anayeanza na gauni na kumalizia na kiatu ameanzia mahali panapojihurumia penyewe, kwa maana tumbo likibanwa hulalamika papo hapo, ilhali mguu huvumilia saa kumi kabla ya kusema.

Sababu ya mguu kujaa haina siri. Mwili wa mjamzito hujiongezea damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na maji ya mwili kwa jumla huongezeka kwa lita sita hadi nane kufikia mwisho wa mimba. Maji hayo yote yana mahali pa kwenda, na maji hufuata mkondo. Damu iliyoshuka miguuni hurudi moyoni kupitia mshipa mkubwa unaopanda upande wa kulia wa uti wa mgongo, nyuma kabisa ya mji wa mimba. Mimba inapokuwa kubwa huulalia mshipa huo na matawi yake, kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji bustanini: maji hayakatiki, ila msukumo nyuma ya unyayo huongezeka. Msukumo ukiongezeka kwenye mishipa ya miguu, maji huchujika nje ya mishipa na kukaa katikati ya nyama na ngozi. Kusimama huzidisha jambo hilo, kukaa na miguu ikining'inia pia, na joto nalo huilegeza mishipa ya ngozini ikabeba zaidi. Ndiyo maana mwezi wa Februari jijini Dar es Salaam au Mombasa ni mgumu kwa vifundo vya miguu kuliko Julai ya Njombe. Usiku mwanamke akilala ubavu, hasa wa kushoto, mji wa mimba huondoka juu ya mshipa ule, figo hupata nafasi ya kutoa maji, anaamka mara mbili au tatu kwenda msalani, na kufikia alfajiri mguu umepungua. Kwa hiyo mguu wa asubuhi na mguu wa jioni ni vipimo viwili tofauti vya mtu mmoja, na kiatu kinachonunuliwa saa nne asubuhi kimepimwa kwa mguu usiokuwapo saa kumi na moja jioni.

Lakini maji ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mifupa, na hii haiondoki kwa usingizi. Homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia viungo ili nyonga ipate kufunguka siku ya kujifungua. Homoni hazichagui nyonga peke yake. Hupita mwili mzima, hadi kwenye kano zinazoushikilia upinde wa wayo. Juu ya kano hizo zilizolegea huongezwa mzigo, kilo 11 hadi 16 kwa mwanamke aliyeanza na uzito wa kawaida. Upinde hushuka kidogo, na upinde ukishuka mguu hurefuka na kutanuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwafuatilia wanawake 49 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013: kwa wengi wao, takriban sita au saba katika kila kumi, mguu ulikuwa umerefuka kwa milimita 2 hadi 10 walipopimwa tena miezi kadhaa baada ya kujifungua, yaani wakati maji yalishakauka zamani. Mabadiliko makubwa yalikuwa kwa waliobeba mimba ya kwanza. Milimita hizo zinaweza kuonekana si kitu, mpaka mtu akumbuke kwamba katika namba za viatu zinazotumika sana kwetu, 37, 38, 39, kutoka namba moja hadi nyingine ni milimita saba kasoro kidogo. Aliyerefuka milimita 10 amehama namba moja na nusu. Anayejilazimisha kurudi kwenye viatu vyake vya harusi anashindana na mifupa yake mwenyewe.

Tumchukue mwalimu wa shule ya msingi, mimba yake ya kwanza, aliyekuwa akivaa namba 38. Kabla ya mimba mguu wake ulikuwa na urefu wa sentimita 24 kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Kiatu huhitaji nafasi ya ziada ya sentimita moja na kidogo mbele ya vidole, kwa sababu mguu husogea mbele kila hatua; 24 na 1.2 ni 25.2, na namba 38 ina urefu wa ndani wa sentimita 25.3 hivi. Kilimtosha sawasawa. Sasa yuko mwezi wa saba. Jioni, akirudi kazini, anaweka karatasi sakafuni penye ukuta, anagusisha kisigino ukutani, anasimama kwa miguu yote miwili uzito ukiwa sawa, na mtu mwingine anamchorea mguu kwa penseli iliyosimama wima. Mtu mwingine, kwa sababu yeye mwenyewe akiinama kujichora, uzito unahama na kipimo kinaharibika. Miguu yote miwili ichorwe, maana ni nadra iwe sawa, na kiatu hufuata ule mkubwa. Tuseme mchoro unasoma 24.7. Ukiongeza 1.2 unapata 25.9: hiyo ni namba 39, yenye 26. Kisha anaikata karatasi kwa kuufuata mstari na kwenda nayo dukani. Karatasi ikiingizwa ndani ya kiatu ikakunjika pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama urefu umetosha. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanaona vidole vinabanwa kwa upande, wanapanda namba hadi 40 ili wapate upana, wanapata kiatu kirefu kupita kiasi ambacho kisigino chake kinachomoka kila wanapopanda ngazi. Upana hutafutwa kwenye umbo la kiatu, kile chenye mbele ya mviringo, na kwenye kamba au mkanda wa kunata unaoweza kulegezwa kadiri siku inavyokwenda.

Jibu ninalolijua kabla sijamaliza ni kandambili. Kwa nini mtu ahangaike na karatasi na penseli wakati ndala ni pana, hazina cha kubana na zipo kila kibanda? Ni hoja yenye uzito, na kwa kutoka chumbani hadi bafuni sina ubishi nayo, ilimradi soli isiwe imelika ikawa inateleza. Tatizo ni safari ya kutwa. Kandambili haishikwi na kitu nyuma, kwa hiyo vidole hulazimika kuikunjia na kuing'ang'ania kila hatua, na misuli ya muundi hufanya kazi ya mkanda ambao haupo. Tena ni bapa kabisa na laini kabisa. Upinde uliolegea unazama ndani yake, na baada ya wiki kadhaa maumivu hujitokeza chini ya kisigino, makali zaidi katika hatua ya kwanza ya asubuhi. Mwenye maumivu hayo hulaumu mimba, na mimba ina lawama yake, lakini ndala nayo imo. Kiatu kinachofaa ni cha kati na kati: kisigino cha sentimita mbili au tatu, si kirefu kinachomsukuma mbele mtu ambaye tayari anavutwa mbele na tumbo, wala si bapa kama kadibodi. Nyuma kimshike. Kwenye meza ya mitumba, Karume au Gikomba, majaribio ni mawili na hayahitaji fedha. Kibonyeze kisigino cha nyuma kwa kidole gumba: kikiporomoka chote, kiache. Kisha kikunje: kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo, kinachokunjika katikati hakina cha kuubeba upinde. Na kigeuzwe soli juu. Raba ya mtumba iliyolika upande mmoja imeshajifunza mwendo wa mwenye nayo wa kwanza, na itamlazimisha wa pili kuufuata.

Kuna pingamizi la fedha, na hili silipiti haraka kwa sababu kwa wengi ndilo la kweli. Kununua viatu kwa ajili ya miezi mitatu, wakati kuna vifaa vya kujifungulia vya kuandaa, nauli za kliniki na nguo za mtoto, huonekana kama ubadhirifu. Wahenga wenyewe walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Ila ushahidi wa milimita zile unaigeuza methali. Kwa wanawake wengi, mguu mkubwa ndio mbachao, na kiatu cha zamani ndicho kilichopita. Raba moja nzuri iliyonunuliwa mwezi wa saba kwa kipimo cha jioni ina nafasi kubwa ya kuvaliwa miaka miwili mbele, kuliko gauni la uzazi ambalo litakunjwa baada ya arobaini. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, iende miguuni. Gauni linaweza kuazimwa kwa wifi au dada, dera la mtu mmoja linawatosha watu watatu. Kiatu kilichokwisha kukaa mguuni mwa mwingine hakiazimiki kwa namna hiyo. Na penye ufinyu zaidi bado kuna fundi viatu, anayeweza kuongeza tundu kwenye mkanda wa sandali ya zamani, au kuunganisha kipande cha mkanda ulioishia mapema. Hata hilo tu huondoa ule mfereji juu ya kifundo.

Kutoka mguuni tupande kwenye nyonga, kwa mkanda wa kushikilia tumbo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndiyo maana maumivu ya kiuno na kinena ya wajawazito hupokelewa kwa maneno mepesi: vumilia, ni ya kupita. Basi mkanda unapouzwa kwa ahadi ya kuyaondoa, huonekana kama mtu wa kwanza aliyesikiliza. Naomba tuwe waangalifu na ahadi hiyo. Mwaka 2005 huko New Zealand yalichapishwa majaribio ya wanawake 90 wenye maumivu ya mfupa wa kinena wakati wa mimba. Kundi moja lilipewa mazoezi na maelekezo, la pili mazoezi na mkanda laini, la tatu mazoezi na mkanda mgumu. Wote walipata nafuu, na mikanda haikuongeza kitu cha kuhesabika juu ya mazoezi. Sisemi kwamba mkanda ni bure, maana wapo wanawake wengi wanaosimama muda mrefu zaidi wakiwa nao; nasema ni fimbo ya kutembelea, si dawa. Njia nzuri ya kujua kama utamsaidia mtu fulani ni kuanza na mikono. Asimame, apitishe viganja vyote viwili chini ya tumbo na kulinyanyua kidogo. Mtu mwingine aweke mikono pande mbili za nyonga, chini ya kiuno, na kuzikaza taratibu kwenda ndani. Kama katika moja ya hali hizo maumivu yanapungua palepale, mkanda unaofanya kazi hiyohiyo utamfaa. Kama hayabadiliki, aziache fedha zake mfukoni, amwulize mkunga kuhusu mazoezi na namna ya kugeuka kitandani bila kutanua miguu.

Mkanda wenyewe hukosewa mahali zaidi ya kingine chochote. Hauvaliwi katikati ya tumbo. Hupita chini ya uvimbe wa tumbo, juu kidogo ya mfupa wa kinena, ukazunguka juu ya mifupa ya nyonga na kukaa nyuma chini ya kiuno, pale makalio yanapoanza. Hufungwa baada ya kulinyanyua tumbo kidogo, au mtu akiwa ameegemea nyuma, na ukishafungwa vidole viwili vipite ndani yake bila kulazimisha. Huvaliwa wakati wa kusimama na kutembea, saa mbili au tatu, kisha hufunguliwa. Mtu akiketi unageuka kisu kwenye mapaja, na akilala hauna kazi. Ukiwa juu mno au umekaza mno mwili hutoa taarifa: kiungulia kinapanda, pumzi inakatika, mkojo unabana kila mara, au ngozi ya paja upande wa nje inakufa ganzi. Asiyekuwa na mkanda wa dukani ana khanga. Upande mmoja wa khanga hukunjwa kwa urefu mpaka ubaki upana wa shubiri moja, ukapitishwa chini ya tumbo na juu ya nyonga, fundo likafungwa ubavuni ili mtu asilalie wala kuegemea fundo. Pamba haivutiki kama lastiki, basi hulegea baada ya muda na kuhitaji kufungwa tena, jambo ambalo mimi naliona ni la heri: humlazimisha mwenye nalo kupumzika.

Hapo bibi mmoja wa pwani angeniuliza: mbona sisi tulifungwa mkaja, tena ukakazwa haswa, na matumbo yakarudi? Ni kweli, na mkaja una heshima yake. Una heshima hata katika mahari, ambamo mama wa bibi harusi hutengewa fungu lake kwa jina hilo. Lakini mkaja hufungwa baada ya mtoto kutoka. Wakati huo tumbo ni tupu na misuli imelegea, na kitambaa kinakusanya. Kabla ya kujifungua kazi ni kinyume chake, kubeba kutoka chini bila kukusanya chochote. Utata huu umekuwa wa hatari zaidi siku hizi kwa sababu duka moja huuza vyote viwili juu ya msumari mmoja: mkanda wa kushikilia mimba, na ule mpana mgumu wenye vyuma na kulabu wa kupunguza tumbo. Picha kwenye boksi ni ya mwanamke mwembamba anayetabasamu, na muuzaji huita vyote mkanda wa tumbo. Mjamzito auguse kwa mkono: kama una vyuma vya kusimamisha, kama unafunika kuanzia mbavuni, kama umetengenezwa kwa mpira wa kutoa jasho, si wake kwa sasa. Wengine huhofia kwamba hata mkanda sahihi utaidhoofisha misuli ya mgongo. Kwa matumizi ya saa mbili au tatu pamoja na kutembea na mazoezi, hofu hiyo haina msingi mkubwa. Kwa anayeufunga alfajiri na kuufungua usiku, kila siku, ina msingi, na ndiyo sababu nyingine ya kuupangia saa.

Mwisho ndiyo nguo, na hapa utamaduni wetu umetangulia vizuri. Dera halina kiuno, halina zipu, halina kipimo cha mwezi wa tano na kingine cha mwezi wa nane. Tena lina kazi ambayo fundi hakuikusudia: humsitiri mwenye mimba changa na macho ya watu, na wanaoogopa hasada wana haki ya kusitirika bila kuhojiwa. Kasoro yake iko chini kabisa, kwenye pindo. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba karibu robo ya wajawazito huanguka angalau mara moja katika ujauzito. Kufikia mwezi wa saba mwanamke aliyesimama hazioni tena ncha za vidole vyake, na uzito wake umehamia mbele. Ongeza pindo linaloburura, ngazi za ghorofa zisizo na taa, au gurudumu la nyuma la bodaboda, na vazi la starehe linakuwa mtego. Wengi hulishika dera kwa mkono mmoja wanapopanda ngazi, na mkono huo ndio uliotakiwa kushika ukuta. Dera la mjamzito lipandishwe vidole vinne kutoka ardhini, lipimwe akiwa amevaa kile kiatu cha jioni. Anayemshonesha fundi gauni la kitenge amkumbushe kwamba tumbo huvuta kitambaa cha mbele juu, kwa hiyo mbele ikatwe ndefu kuliko nyuma ili pindo lije kulingana miezi miwili baadaye, na kwenye mishono ya ubavu ibakizwe akiba ya sentimita tatu au nne ya kufungulia. Na nguo yoyote ijaribiwe kwa kuketi. Lastiki ya sketi na kamba ya gaguro hutulia mtu akisimama; akiketi ndipo hukata chini ya tumbo. Khanga inayofungwa juu ya tumbo, fundo likiingia chini ya mbavu, nayo ina ukatili wake wa kimyakimya baada ya chakula.

Pingamizi zito kuliko yote nimeliacha mpaka hapa. Mtu anaweza kusema: kama kila kitu kitalegezwa, kiatu kikawa kikubwa, mkanda ukaongezwa tundu, nguo ikawa pana, je, hatutakuwa tumeuziba mdomo mwili uliotaka kusema jambo? Kwa maana si kila uvimbe ni maji ya jioni. Kuna kifafa cha mimba, ambacho huanza na shinikizo la damu kupanda kufikia 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, na ambacho uvimbe wa ghafla wa uso na mikono unaweza kuwa miongoni mwa dalili zake. Nakubali kwamba hatari ya kujisahau ipo. Ila kiatu kinachobana hakitoi onyo lolote la maana, kwa sababu kinabana kila jioni, leo na kesho, mpaka mvaaji anazoea. Chenye mkanda wa kurekebishwa ndicho kinachotoa taarifa. Mwanamke anayejua kwamba sandali yake hufungwa tundu la tatu asubuhi na la tano jioni ana kipimo mguuni. Siku akiamka na tundu la tatu halifiki, baada ya kulala usiku mzima, na pete haizunguki kidoleni, na kope zimejaa, hiyo si habari ya kungojea tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Aende siku hiyohiyo akapimwe shinikizo la damu na mkojo. Kichwa kikimuuma bila kutulia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au maumivu yakija chini ya mbavu upande wa kulia, asingoje hata mchana uingie. Na asidanganywe na miguu myembamba: shinikizo linaweza kupanda bila uvimbe wowote. Tena kuna uvimbe wa mguu mmoja. Maji ya mimba hujaza miguu yote miwili karibu sawa. Mguu mmoja, mara nyingi wa kushoto, ukivimba peke yake, ukawa wa moto na kuuma kwenye shavu la mguu, huenda damu imeganda mshipani, na hapo hakuna kukanda wala kuchua, ni hospitali.

Yanayobaki hayako mikononi mwa mwanamke peke yake. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Wengi huzibania siku hizo ili wabaki na nyingi za kumlea mtoto, kwa hiyo wiki ya 36 huwakuta bado wamesimama mbele ya ubao, kaunta ya benki au wodi, ndani ya sare iliyoandikiwa kiatu cheusi cha kufunika. Mwajiri anayetaka weusi ataupata kwenye raba nyeusi ya kamba, na mwalimu mkuu anayemwekea mwalimu mwenzake kiti na kigoda cha kuegesha miguu hajavunja nidhamu ya darasa. Kisha mtoto huzaliwa, na wengi hushangaa miguu ikivimba zaidi katika siku za kwanza, hasa kama walipewa maji kwa dripu, kabla ya kupungua. Kifafa cha mimba nacho kinaweza kujitokeza baada ya kujifungua, kwa hiyo kipimo cha tundu la sandali kiendelee hadi wiki ya sita. Viatu vya zamani visigawiwe wala visilazimishwe mapema. Karatasi na penseli zirudi sakafuni mtoto akifikisha miezi mitano au sita, jioni, miguu yote miwili. Namba itakayosomeka hapo ndiyo ya kununulia.